Kiwanja cha Chanika kwa mkopo wa milioni nne?

Mara ya kwanza kukopa nilihitaji shilingi milioni nne, za cherehani mbili za umeme na mashine ya overloki. Afisa mikopo akaniwekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza haikuwa na dhamana: riba asilimia 30 kwa mwaka, wadhamini wawili na taarifa za benki za miezi sita. Ya pili ilitaka hati ya kiwanja changu cha Chanika, riba asilimia 18. Zote za miezi 12, na riba inapigwa kwenye salio linalobaki.

Nikashika ya pili palepale. Nani aache kumi na nane akachukue thelathini?

Bahati nzuri niliuliza ile tofauti ya 12 imetoka wapi. Nikaonyeshwa kwa hesabu ya mfano, na tangu siku hiyo siioni riba kama adhabu. Chukua watu mia, kila mmoja akope milioni moja bila dhamana. Tuseme kumi washindwe kulipa kabisa, na kwa kufuatilia wadhamini benki ipate milioni moja tu. Imepoteza milioni tisa katika mia moja, na hizo zinafidiwa na riba ya wale tisini wanaolipa. Sasa chukua mia wengine walioweka hati. Mtu ambaye kiwanja chake kiko rehani hujikaza, kwa hiyo tuseme washindwe wanne, na mnada urudishe milioni 2.8. Hasara ni milioni 1.2. Hapo tayari kuna pengo la karibu asilimia nane. Linalobaki ni gharama ya kufukuzana na wadaiwa, na faida yao.

Mimi sikuwa nimewahi kukopa popote, kwa hiyo sikuwa na historia ya kunitofautisha na wale kumi. Ukiwa mgeni unalipia wastani wa kundi, hata kama wewe ni mlipaji mzuri.

Nyumbani nikapiga hesabu yangu. Kwa asilimia 30, rejesho lilikuwa kama 390,000 kwa mwezi, na riba ya mwaka mzima ilifika kama 680,000. Kwa asilimia 18, rejesho lilikuwa kama 367,000, riba yote 400,000 hivi. Kumbe dhamana ingeniokolea 280,000.

Kisha nikaulizia gharama za kuweka hiyo rehani: mthamini, mwanasheria, usajili kwenye ofisi ya ardhi. Nikaambiwa jumla kama 420,000, zote juu yangu na zinalipwa kabla fedha hazijatoka. Yaani mkopo wa riba ndogo ungenigharimu 140,000 zaidi, na kiwanja kikae rehani juu yake! Nikachukua ule wa asilimia 30.

Gharama hizo hazipungui sana mkopo ukiwa mdogo, na hapo ndipo wakopaji wapya wengi wanapoumia. Kwa milioni 20 za miaka mitatu, riba hizohizo zinatofautiana kwa takriban milioni 4.5. Hapo hata gharama za rehani zikifika milioni moja, hati inajilipa.

Nilidhani pia kuwa hati ingenipunguzia maswali kuhusu kipato. Wapi! Hati inapunguza hasara ya benki ukishashindwa, lakini rejesho la kila mwezi linatoka kwenye mauzo, kwa hiyo daftari lako litakaguliwa vilevile. Wala kiwanja hakihesabiwi kwa bei ya majirani. Benki hutazama bei ya kuuza kwa haraka, ile ambayo dalali anaweza kuipata mnadani, na hukopesha sehemu tu ya hiyo. Mnada usipofikia deni, kilichobaki bado unadaiwa. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi, na afadhali mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kwenda benki.

Lakini mtu asidanganyike kwamba mkopo usio na dhamana hauna meno. Ukichelewa, taarifa inakwenda kwenye kampuni ya taarifa za mikopo, na kila mkopeshaji wa baadaye anaweza kuiona. Mmoja wa wadhamini wangu ni shemeji yangu. Mwezi wa saba wateja walipokauka, nilimkopa dada yangu 200,000 kuliko shemeji apigiwe simu na benki.

Nilimaliza kwa wakati. Niliporudi kutaka milioni 15 za miaka miwili, yule afisa alifungua marejesho yangu 12 kabla hajauliza habari za Chanika. Safari hii hati niliitoa mwenyewe, nikauliza na kitu nilichosahau mwanzo: nikimaliza deni, nani analipia kufuta rehani kwenye daftari la ardhi? Ni mimi. Nikaiongeza kwenye hesabu.