Kiporo kisichopoa: nilichojifunza kwa kupika wali, maharage na nyama ya wiki nzima

Mama yangu alitulea Njombe, na kila sufuria la maharage lililobaki usiku lililala sakafuni jikoni, limefunikwa sinia na jiwe juu ili paka asifunue. Asubuhi tunapasha, tunakula na viazi. Sikumbuki mtu kuumwa. Kwa hiyo nilipoolewa na kuhamia Dar es Salaam, nikaanza kupika Jumapili chakula cha siku nne maana narudi kutoka kazini usiku, nikafanya hivyo hivyo. Napika jioni, nafunika, nalala, asubuhi naingiza kwenye friji.

Kilichonishtua kilikuwa wali. Ulilala kwenye sufuria usiku kucha, asubuhi nikaukaanga kwa kitunguu na mafuta mpaka ukaanza kushika ukoko. Ulinukia vizuri. Mume wangu akala sahani nzima na chai, na hakufika saa tano kabla hajaanza kutapika. Mimi niliyekula mandazi sikuguswa. Nilibisha sana: wali nimeukaanga mwenyewe, ulikuwa wa moto unachoma, utamdhuruje mtu?

Jibu nilipewa na mdogo wangu, aliyesomea mambo ya upishi wa hoteli. Kwenye mchele mkavu huwa kuna vimelea viitwavyo Basilasi serusi, vikiwa katika hali ya mbegu ngumu. Kuchemsha wali hakuui mbegu hizo. Wali ukipoa polepole mahali penye joto, zinachipua, vimelea vinazaliana, na vingine vinaacha sumu ndani ya chakula. Ukija kupasha asubuhi utaua vimelea, lakini sumu ile inayotapisha inastahimili moto kuliko jiko lolote la nyumbani linavyoweza kufikia. Haina harufu, haibadilishi rangi wala ladha. Ndiyo maana mtu anatapika ndani ya masaa machache tu, wakati mwingine hata nusu saa: hasubiri vimelea vizaliane tumboni, amekula sumu iliyokwisha kutengenezwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kosa langu halikuwa kwenye kupasha. Lilikuwa usiku, nikiwa nimelala.

Mdogo wangu akaniachia kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano ndefu. Jumapili iliyofuata nikafanya jaribio kwa maharage, kilo moja na nusu makavu, ambayo yakiiva na mchuzi wake yanafika kama lita 6. Nilizima gesi saa 4 usiku, nikafunika kama kawaida. Saa 6 usiku katikati ya sufuria kulikuwa na nyuzi 65. Nikaweka kengele, nikaamka saa 8 usiku: nyuzi 49. Saa 12 asubuhi, masaa manane tangu nizime, bado yalikuwa nyuzi 36. Kwa mkono ningesema yamepoa. Kumbe yalikuwa na joto la mwili wa binadamu.

Eneo la hatari ni kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5. Juu ya 60 vimelea havizaliani, chini ya 5 vingi vinalala au vinakwenda taratibu sana. Sufuria langu lilikuwa limekaa katikati ya eneo hilo karibu usiku mzima, na sehemu mbaya kuliko zote ndiyo lililokaa muda mrefu. Kwenye nyama na maharage kuna kimelea kingine, Klostridia perfringensi, nacho kina mbegu zinazovumilia kuchemshwa. Kikiwa kwenye nyuzi 40 na kitu kinaweza kuongezeka mara mbili kila baada ya dakika 10 hivi. Halafu kinapenda mahali pasipo na hewa, na katikati ya sufuria lililojaa mchuzi mzito, hewa haipo. Hiki hakitapishi sana. Kinaleta msokoto wa tumbo na kuhara, mara nyingi baada ya masaa 8 mpaka 16, kiasi kwamba mtu analaumu chipsi alizokula jana barabarani.

Na Njombe je? Nilimuuliza mama, akacheka: "Wewe, ulisahau baridi ya kule?" Usiku wa Juni kule unashuka chini ya nyuzi 10, na sufuria letu lilikuwa dogo, la kula usiku na asubuhi tu. Dar mwezi wa kwanza hata usiku wa manane jikoni kwangu ni zaidi ya nyuzi 27. Nilikuwa nimehamisha desturi bila kuhamisha baridi yake, tena nikaongeza sufuria mara tatu.

Kipimo ninachokifuata sasa ndicho wanachokifuata wapishi wa hoteli: chakula kishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya masaa mawili, kisha kifike 5 ndani ya masaa manne mengine. Masaa mawili ya kwanza ndiyo yenye kazi. Jambo la kwanza nililobadilisha ni saa ya kupika. Siku hizi naanza Jumapili asubuhi, ili kufikia mchana niwe macho na chakula kikipoa. Mpishi anayezima jiko saa 4 usiku amechoka, na aliyechoka atafunika sufuria tu.

Maharage yakiiva nayagawa kwenye masufuria matatu madogo. Nayaweka ndani ya beseni la maji, maji yafike usawa wa maharage, na nakoroga kwa mwiko kila dakika chache bila kufunika. Maji ya bomba ya Dar yenyewe yana uvuguvugu, kwa hiyo yanafaa kuondoa ule moto mkali tu. Nikiona beseni limepata joto namwaga, naweka maji mapya pamoja na barafu mbili za mfuko, zile zinazouzwa mtaani. Bila barafu maharage yanagoma kwenye nyuzi 30 na kitu na hayashuki tena. Nikienda hivyo yanafika 21 kabla ya saa moja kuisha. Kukoroga ndiyo siri: usipokoroga, pembeni panapoa na katikati panabaki vile vile.

Kutoka hapo yanaingia kwenye vyombo vya bapa, kina kisizidi vidole vitatu, na ndani ya friji bila kufunika kabisa mpaka yawe baridi, ndipo nakaza mifuniko. Vyombo visibanane, hewa ipite kati yake. Mtu ataniambia chakula kisichopoa kabisa kinaharibu friji. Sufuria zima la moto, ndiyo, litapasha joto maziwa na kila kitu kilicho jirani. Lakini chombo kidogo kilichoacha kutoa mvuke hakina shida, na ni afadhali kiingie kikiwa na uvuguvugu kuliko kikasubiri mezani.

Wali ni rahisi zaidi. Naumwaga kwenye sinia pana, nautawanya kwa mwiko uwe mwembamba, nauelekeza feni iliyo safi. Dakika 20 hivi umepoa, nafunga kwenye mifuko midogo, kila mmoja mlo mmoja. Lengo langu ni uwe kwenye friji ndani ya saa moja tangu utoke jikoni.

Nyama naikata vipande vya kawaida kabla ya kuchemsha, sio mnofu mkubwa, kwa sababu mnofu wa kilo mbili unabaki na moto katikati muda mrefu hata ukiwa kwenye friji. Ikiiva naitoa kwenye supu kwa upawa wenye matundu, naitandaza kwenye sinia, na supu napoza peke yake kwenye beseni kama maharage.

Friji nayo ilinidanganya. Niliacha glasi ya maji ndani usiku kucha, asubuhi nikapima: nyuzi 9. Kumbe kitasa kilikuwa kimewekwa namba ndogo, tena barafu ilikuwa imejaa ukutani. Niliyeyusha, nikaongeza namba, ikashuka hadi 4. Kama huna kipimajoto, angalia maziwa: yakichacha kabla ya tarehe yake kila mara, friji yako haipozi vya kutosha.

Wali haukai kwenye friji yangu zaidi ya siku moja. Ambao hatutaula kesho yake unaingia friza siku hiyo hiyo. Maharage na nyama navipa siku tatu, na za siku ya nne zinaingia friza mapema. Nabandika kipande cha plasta na kuandika siku, maana kufikia Jumatano kumbukumbu inakuwa ya kubahatisha. Maharage ya nazi nayahifadhi bila tui, natia tui siku ya kupasha. Tui linachacha haraka, na hapo utaona povu na utelezi na harufu ya uchachu. Yakifika hapo usipashe, mwaga. Lakini kama nilivyosema kwenye wali, kutokuona dalili hakumaanishi salama.

Kupasha, natoa mlo mmoja tu, sirudishi sufuria lote motoni kila siku. Maharage na mchuzi vichemke kwa kutokota kabisa, sio kufuka mvuke pembeni tu. Wali naunyunyizia maji kidogo, nafunika, nageuza mara mbili, mpaka katikati uwe wa moto wa kuunguza ulimi. Kwa kipimajoto ni nyuzi 74. Ukitumia maikrowevu, koroga katikati ya safari, kwa sababu inaacha mabaka ya baridi. Kilichopashwa kikabaki hakirudi tena kwenye friji.

Hotipoti ya mtoto wa shule ilinisumbua kuliko yote. Nilikuwa naweka wali wa uvuguvugu, ili asiungue, na hotipoti kazi yake ni kutunza joto unaloipa, hata kama ni lile baya. Sasa naijaza maji yanayochemka kwa dakika 5, namwaga, naweka chakula kikiwa kinatoa moshi, naijaza mpaka juu na kukaza mfuniko. Nilipima: saa 4 asubuhi kilikuwa bado juu ya 60, saa 7 mchana kilikuwa 51. Kwa hiyo chakula cha moto anakula mapumziko ya saa 4, na mchana namwekea mkate na karanga.

Umeme ukikatika sifungui friji. Ikibaki imefungwa inahimili masaa manne. Friza iliyojaa inafika siku mbili, ya nusu siku moja. Mwezi uliopita ulikatika usiku na sikujua umekatika saa ngapi. Tangu hapo kuna kikombe cha barafu kwenye friza, na sarafu ya shilingi 200 juu yake. Nikikuta sarafu imezama chini ya barafu, najua iliyeyuka yote ikaganda tena, na vyote vilivyomo navimwaga, hata nyama.