Kuagiza kwa ratiba au salio likishuka: ipi nafuu?

Mtu akiniuliza kama aagize kila baada ya muda maalumu au asubiri salio lishuke hadi kiwango alichoweka, namuuliza kwanza: bidhaa hiyo inasafiri peke yake au na wenzake? Miaka ya kusimamia stoo imenifundisha kwamba sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Chukua bidhaa inayotoka vipande 50 kwa siku, siku 250 za kazi kwa mwaka, yenye mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mauzo yanavyopanda na kushuka, wa vipande 10 kwa siku. Mzigo hufika baada ya siku 4. Oda moja inagharimu 100, na kutunza kipande kimoja mwaka mzima ni 40, kwa sarafu yoyote. Oda ya gharama ndogo zaidi ni vipande 250, sawa na kila siku 5, kwa njia zote mbili. Zinapoachana ni kwenye akiba ya tahadhari.

Anayefuatilia salio muda wote huagiza papo hapo, hivyo anajikinga kwa zile siku 4 za kusubiri tu. Kwa kinga ya asilimia 95, ambayo kizidishi chake ni 1.65, anahitaji 1.65 × 10 × √4 = vipande 33. Anayekagua kila siku 5 akishaagiza leo, oda yake inayofuata haitafika hadi siku ya 9. Kwake ni 1.65 × 10 × √9, karibu 50. Vipande 17 vya ziada vinamgharimu 680 kwa mwaka. Kwa bidhaa moja, basi, ufuatiliaji unashinda, mradi kazi ya kufuatilia yenyewe haizidi hizo 680.

Sasa ziwe bidhaa 8 za aina hiyo, msambazaji mmoja. Tuseme katika ile 100, 90 ni usafiri na makaratasi, na 10 ni ya bidhaa yenyewe. Kila moja ikiagizwa kwa wakati wake, oda zinakula 40,000 kwa mwaka. Zikiagizwa pamoja kila siku 5, ni 170 × 50 = 8,500. Akiba ya ziada ni 5,440, kwa hiyo ratiba inaokoa takriban 26,000. Tena kwa kuwa safari imegawanwa, huenda ikalipa kuagiza hata mara nyingi zaidi.

Mzigo ukitoka mbali, pengo la akiba husinyaa. Kwa siku 31 za kusubiri, kukagua kila siku 5 kunaongeza vipande 7 hivi. Lakini ukisubiri siku 4 na kukagua kila siku 21, akiba inaruka kutoka 33 hadi 83. Hapo fupisha ratiba kabla ya kumlaumu msambazaji.

Njia yoyote utakayochagua, salio unalolinganisha na kiwango lijumuishe mzigo ulio njiani. Ukiona mizigo miwili inafuatana na stoo imefurika, anza kukagua hapo.