Maswali yenu kuhusu pulsa, nyota zinazopiga kama saa

Walijuaje kwamba mapigo yale yanatoka angani, si mitambo ya watu hapa duniani?

Kwa kuangalia saa ya ukutani. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, aliona alama ndogo ya ajabu kwenye karatasi ya kinasa mawimbi. Mitambo ya watu hufuata siku ya saa 24. Alama ile ilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, muda ambao nyota huchukua kurudi mahali pake angani. Mwezi Novemba aliiendesha karatasi kwa kasi zaidi, alama ikachambuka kuwa mapigo: moja kila sekunde 1.337. Tuzo ya Nobeli ya 1974 alipewa msimamizi wake, yeye akaachwa. Naona alidhulumiwa.

Kwa hiyo nyota inawaka na kuzima?

Hapana. Ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, yenye upana wa kilomita 20 hivi na uzito unaolizidi Jua. Mawimbi ya redio huitoka kama mwale, na kila inapozunguka mwale huo hutupitia. Zile ambazo mwale wake hautupitii hatusikii mapigo yake.

Wanasayansi wanaitumiaje kama saa? Wanapima nini hasa?

Wanapima kama pigo limewahi au limechelewa. Mwaka 1974, kwenye darubini ya Arecibo, Puerto Rico, Russell Hulse na Joseph Taylor walipata pulsa inayopiga mara 17 kwa sekunde, lakini mwendo wake haukutulia. Hulse alidhani kasoro ni ya vipimo vyake, akarudia. Badiliko lilijirudia kwa mpango ule ule kila baada ya saa 7 na dakika 45. Pulsa ilikuwa inazungukana na nyota nyingine: ikija kwetu mapigo yanasongamana, ikienda mbali yanaachana.

Kisha wakaifuatilia miaka mingi. Kila mwaka, muda wa mzunguko huo wa saa 7 na dakika 45 ulipungua kwa sehemu 76 za milioni za sekunde. Ni kidogo mno, ila huo upungufu hujikusanya: baada ya miaka 30 nyota hizo zilikuwa zinafika mahali zinapokaribiana zaidi karibu sekunde 40 mapema. Nishati inayopotea inalingana na ile ambayo Einstein alisema ingechukuliwa na mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe inayosababishwa na vitu vizito vinavyozungukana. Kwangu, hakuna kipimo kizuri kuliko hiki. Kiliwapa Nobeli ya 1993.

Saa hiyo haiharibiki?

Huharibika. Pulsa zote hupunguza kasi polepole, na nyingine hurukaruka: ile ya kundinyota la Vela iliongeza kasi ghafla mwaka 1969. Pia elektroni zilizotapakaa kati ya nyota huchelewesha mawimbi ya masafa ya chini kuliko ya juu. Ndiyo maana pigo moja hupimwa kwenye masafa mawili; tofauti ya muda wa kufika huonyesha ucheleweshaji ni kiasi gani, nao huondolewa kwenye hesabu. Kwa kazi nyeti huchaguliwa pulsa kongwe zinazozunguka mara mamia kwa sekunde, kwa kuwa ndizo zilizotulia zaidi.