Masanduku manne yamejaa, kikundi bado hakijajua kama kijenge ghala

Msimu wa fildi umeanza na ripoti zimeanza kunifikia mezani. Nikifika ukurasa wa SWOT, ule wa masanduku ya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, najua kilichomo kabla sijasoma: ardhi yenye rutuba, mvua za kutosha, ukosefu wa mitaji, soko la Dar, mabadiliko ya tabianchi. Ukifuta Isyonje ukaandika Makete, ukafuta viazi ukaandika parachichi, ukurasa hauharibiki hata kidogo. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mmenichosha. Haya ndiyo maswali mnayoniuliza kila mwaka, na leo nayajibu kwa mpigo. SWOT, Porter na PESTEL ni viunzi vya kuchambua biashara na mazingira yake, maana yake mnaijua, sirudii.

1. "Bosi, masanduku yote nimejaza. Kwa nini unasema sijachambua?"

Kwa sababu hujasema jambo ambalo mtu anaweza kulikataa. Kijana mmoja alikuja na ripoti ya kikundi cha wakulima wa viazi mviringo kule Uporoto. Kikundi kilikuwa na swali moja, na mwenyekiti alilitamka wazi siku ya kwanza: tukope tujenge ghala tusubiri bei ipande, au tuendelee kuuza wakati wa mavuno kama siku zote? Ripoti ikaja na SWOT yenye rangi nne, ikafuata PESTEL, kisha nguvu tano za Porter, na mwisho hitimisho: "Kikundi kina fursa nyingi na kinashauriwa kutumia nguvu zake kukabiliana na changamoto zilizopo." Mwenyekiti akasikiliza slaidi zote kwa adabu. Kisha akauliza, "Asante mwanangu. Sasa ghala tujenge au tusijenge?"

Kijana akarudi kwenye slaidi ya SWOT, akaisoma tena.

Msidhani ni ugonjwa wa wanafunzi wa fildi peke yao. Mwaka 1997 watafiti wawili, Terry Hill na Roy Westbrook, walichapisha uchunguzi wao kuhusu SWOT katika kampuni 20 za Uingereza. Walikuta orodha ndefu zenye maneno ya jumla, na hawakuona kampuni hata moja iliyoyatumia matokeo yake katika hatua zilizofuata za kupanga mkakati. Na baadhi zilikuwa zimelipa washauri kabisa.

2. "Sasa nianzie wapi?"

Anza na swali lenye majibu mawili, uliandike juu ya masanduku kwa herufi kubwa. Kisha kila mstari unaotaka kuuandika uulize: huu ukiwa si kweli, jibu linabadilika? Lisipobadilika, futa.

Tuchukue ripoti ya yule kijana. "Ardhi yenye rutuba": viazi vimeshalimwa vimeshavunwa, swali ni la ghala. Futa. "Mabadiliko ya tabianchi": yatakuwepo ukijenga na usipojenga. Futa. "Ukosefu wa mitaji": kikundi kinauliza habari za mkopo, kwa hiyo hilo wanalijua kuliko wewe. Futa.

Kwenye nguvu aliandika "uzoefu wa kuhifadhi viazi". Huu ndio mstari ambao ungebadilisha jibu, na ndio aliouandika bila kuuliza neno. Tulipoenda kuangalia tukakuta chanja za mbao ndani ya kibanda, mwanga unapenya pembeni, viazi vidogo vimepangwa kimoja kimoja na vichipukizi vifupi vya kijani vimeanza kutoka. Hiyo ni mbegu. Mbegu inataka mwanga uliotawanyika, ndiyo maana machipukizi yanakuwa mafupi na imara. Viazi vya kula vinataka kinyume chake: giza, ubaridi na hewa inayopita. Ukiviweka kwenye mwanga vinageuka kijani, vinajaza solanini, vinakuwa vichungu na vinaweza kumdhuru mlaji. Mnunuzi akiona rangi hiyo anaviacha. Wakulima wale wana uzoefu kweli, ila ni wa kazi nyingine. Mstari mmoja ukatoka kwenye nguvu ukaenda kwenye udhaifu, na swali la ghala likaanza kupata jibu.

3. "Lakini SWOT haina hesabu, bosi."

Nani kakwambia? Mkulima akikuuliza kama akope, "fursa ya bei kupanda" bila namba ni porojo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Namba hizi nimezizungusha ili mzifuate kwa urahisi, msizinukuu kama bei ya soko.

Tuseme gunia la kilo 100 wakati wa mavuno linauzwa shilingi 60,000, na baada ya miezi miwili bei inafika 75,000. Kijana aliona 15,000 ya faida, akaandika "fursa". Sasa ondoa gharama ya kuhifadhi gunia moja: sehemu yake ya marejesho ya mkopo, mlinzi, na vibarua wa kuchambua vilivyooza. Tuseme jumla ni 5,000. Maana yake, ili usijute kusubiri, gunia ulilolihifadhi lazima likuletee angalau 65,000.

Kwa bei ya 75,000 kwa kilo 100, unahitaji kubaki na kilo 87 hivi ili ufikie hapo. Kwa hiyo jibu la ghala zima linaning'inia kwenye swali moja: kwa miezi miwili, viazi vinapungua kilo ngapi kwa kuoza, kunyauka na kuliwa na nondo wa viazi? Zikipotea chini ya 13, ghala linalipa. Zikizidi, mnakopa ili mpate hasara. Na bei ikiishia 70,000 badala ya 75,000, nafasi hiyo inashuka hadi kilo 7.

Angalia kilichotokea. Hatujapata jibu bado, ila tunajua kitu gani tukapime. Chukua magunia machache, yaweke kwenye chumba chenye giza na hewa, pima leo, pima tena baada ya miezi miwili. Hiyo kazi haigharimu mkopo. Kuna watu wanamaliza fildi nzima wakitafuta kitisho cha sita ili sanduku lilingane na la jirani yake.

4. "Lumbesa tumeiweka kwenye vitisho, si inatosha?"

Haitoshi, na hapa ndipo nilipotaka kuvuta nywele zangu. Bei ya 60,000 yule kijana aliipata shambani. Ile ya 75,000 aliipata mjini. Zote kaandika "kwa gunia". Mkulima mmoja, mzee mkimya aliyekuwa amekaa nyuma, akauliza, "Gunia lipi?"

Tukaning'iniza gunia la shambani kwenye mizani, lile lililoshonewa kilemba juu. Tuseme lilisoma kilo 130. La mjini ni kilo 100. Kwa hiyo mkulima alikuwa anapata kama shilingi 460 kwa kilo, si 600, na hesabu yote ya namba 3 inabidi irudiwe kwa kilo. Ripoti ilikuwa na neno "lumbesa" kwenye sanduku la vitisho, ukurasa huohuo wenye jedwali la bei, na mwandishi hakuona kwamba la kwanza linaharibu la pili. Masanduku yanatufanyia hivyo: yanatenganisha mambo yanayopaswa kugongana.

Sasa ligongeni. Kilo 130 kwa shilingi 600 ni 78,000. Tofauti na 60,000 ni 18,000 kwa gunia, bila kusubiri, bila kuoza, bila mkopo. Najua mnunuzi hatatoa yote, kwa sababu naye anajua anachokinunua. Mpe nusu, abaki na 9,000. Hiyo 9,000 inayobaki kwa mkulima ilinganishe na ghala: hata ukichukua ile bei ya 75,000 kwa gunia la kilo 100 na kupoteza kilo 10 tu, unauza 67,500, unaondoa gharama 5,000, unabaki na 2,500 juu ya bei ya mavuno. Kikundi kilikuja kuuliza habari za ghala, na jibu likawa mizani. Sheria ya vipimo nayo iko upande wao, maana kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo.

5. "Kujenga ghala niweke kwenye fursa?"

Usiweke popote. Hilo ndilo swali, haliwezi kuwa sehemu ya ushahidi wake. Fursa na vitisho viko nje, vinatokea kikundi kitake kisitake. Kitu ambacho kikundi kinaweza kukiamua kwenye mkutano wa Jumamosi si fursa.

6. "Na Porter? Nimeandika nguvu ya wanunuzi ni kubwa."

Kubwa halafu? Tangu makala yake ya 1979, Porter anauliza nani anachukua faida katika biashara, na kwa njia gani. "Kubwa, ya kati, ndogo" ni kujaza fomu. Andika utaratibu wenyewe: mwenye fuso anafika barabarani, anakuta wakulima ishirini kila mmoja na magunia yake, viazi vimeshachimbwa na haviwezi kurudi ardhini. Huyu akikataa lumbesa, fuso linasogea kwa anayefuata.

Ukishaandika hivyo unaona udhaifu wa jibu langu la mizani, na lazima uuseme kwenye ripoti. Mizani ya kikundi kimoja haimzuii dereva kwenda kijiji cha pili. Inafanya kazi pale kikundi kinapokusanya magunia sehemu moja, yanatosha kujaza fuso zima, kwa sababu mnunuzi anaokoa muda na mafuta ya kuzunguka. Kwa hiyo pendekezo si "wanunue mizani". Pendekezo ni kwamba waanze kukusanya na kupima pamoja mavuno haya, wajaribu magunia machache kwenye giza, na uamuzi wa mkopo usubiri matokeo ya jaribio. Na kama wanachama hawako tayari kukusanya pamoja, mizani nayo isinunuliwe. Hilo mwenyekiti anaweza kulikubali au kulikataa.

7. "Msimamizi wa chuo anataka masanduku yote, na yawe na pointi tano tano."

Mpe. Yaweke kwenye kiambatisho, na yapangilie vizuri upate maksi zako. Ukurasa wa kwanza andika swali, jibu, namba mbili au tatu zinazolibeba, na kitu gani kikibadilika jibu linageuka. Akiuliza umetumia kiunzi gani, mwonyeshe kiambatisho. Mwenyekiti mpe ukurasa wa kwanza peke yake, na umwachie kalamu, kwa sababu bei ulizoandika atazisahihisha.