Igizo dhima: mwandikie mteja, usimwandikie mnasihi

"Nafundisha unasihi hapa Tanga. Mhadhara wangu wa stadi za kusikiliza nitaugeuzaje uwe maigizo mafupi, na watazamaji niwaulize nini?"

Mwalimu mwenzangu, kila igizo libebe stadi moja. Anza na kuakisi hisia. Ukimwandikia mnasihi maneno yake atasoma tu, hatasikiliza. Mwandikie mteja peke yake: sentensi ya kufungulia na siri moja.

Mfano, mama wa Sahare: "Mume wangu yuko baharini wiki ya pili, na mtoto hataki shule." Siri: anahofia mume hatarudi; aitoe pale tu hofu yake inapoguswa. Mnasihi akiuliza, "Mtoto yuko darasa la ngapi?" mama anajibu, "La tatu," kisha kimya. Akiambiwa, "Nakusikia kama una hofu," ndipo anafunguka.

Watazamaji usiwaulize kama mnasihi alifanya vizuri. Watasema ndiyo, mambo yaishie hapo. Waulize: alitaja hisia gani, kwa maneno gani hasa? Mteja alifanya nini mara tu baada ya hapo? Mnasihi alirukia ushauri wapi? Waandike maneno yenyewe, si maoni.

Igizo dakika tano, mrejesho tano, mnasihi akitangulia kujisemea. Kisha mteja ataje jina lake halisi, avue uhusika kabla ya kurudi kitini. Hilo usiliruke, hasa siri ikiwa imemgusa kweli.