Nundu ya kidole gumba: maswali yenu kuhusu viatu, pedi na upasuaji

Daktari, mimi ni mwalimu, nasimama kutwa. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimelalia cha pili, na pembeni pametokeza nundu inayouma nikivaa viatu vya kazini. Mama yangu anayo pia. Ni viatu au ni urithi? Nimepima: mguu una upana wa sentimita 10 penye nundu, soli ya kiatu sentimita 8. – Mwalimu, Morogoro

Ni vyote viwili, Mwalimu. Ulichorithi ni umbo la mguu na ulegevu wa kiungo. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba husogea taratibu kuelekea upande wa ndani wa mguu, na kidole chenyewe kikalala kuelekea vidole vingine. Unachokigusa pembeni ni kichwa cha mfupa huohuo kilichotokeza, wala si nyama iliyoota. Juu yake kuna kifuko kidogo cha majimaji ambacho kikisuguliwa huvimba na kuwa chekundu. Maumivu yako mengi yanatoka hapo, na hapo ndipo kiatu kinapoingia.

Vipimo vyako vinaeleza kila kitu. Sentimita 2 za mguu wako hazina pa kukaa, kwa hiyo unazibana kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho. Ngozi laini hutanuka kidogo pembeni ya soli, lakini si kwa sentimita 2.

Jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, simama juu ya karatasi ukiuegemea mguu huo, kisha mtu mwingine auchore ukingoni, kalamu ikiwa wima. Kata mchoro huo uende nao dukani au kwenye mitumba. Kiatu ambacho mchoro unatokeza nje ya soli yake, kirudishe hata kama ni namba yako. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya sentimita 1, kisigino kisizidi sentimita 4, na kiwe na kamba au mkanda. Kiatu cha kuchomeka kisicho na kamba hakianguki kwa sababu kimekubana vidoleni. Pitisha pia kidole cha mkono ndani ya kiatu: mshono ukipita juu ya nundu utakuumiza hata kama kiatu ni kipana.

Kiatu cha ngozi unachokipenda mpelekee fundi akitanue kwa kalibu mahali pa nundu tu. Cha plastiki hakitanuki, usipoteze hela.

Nilinunua pedi nikaiweka juu ya nundu, maumivu yakazidi. Je, kile kifaa cha kunyoosha kidole usiku kinasaidia? – Dada wa Kisauni, Mombasa

Dada yangu, pedi inachukua nafasi. Ukiiweka ndani ya kiatu kilichokwisha kubana, unakibana zaidi, na ukiiweka juu ya nundu yenyewe, mgandamizo wote unatua palepale panapouma. Tafuta kwanza kiatu kipana. Kisha kata sponji ngumu kidogo yenye unene wa milimita 3 hadi 5, toboa katikati tundu kubwa kidogo kuliko nundu, uibandike ili nundu ikae ndani ya tundu. Kiatu kitaegemea sponji, nundu ibaki huru. Ukivua kiatu jioni ukakuta duara jekundu mahali sponji ilipokaa na nundu yenyewe haijawa nyekundu, ujue umeiweka sawasawa.

Kipande cha silikoni kinachokaa kati ya kidole gumba na cha pili huwasaidia wengi, hasa vidole vinaposuguana. Kifaa cha usiku kinaweza kukupunguzia maumivu, lakini ukikivua kidole kinarudi kilikokuwa, kwa hiyo usikinunue kwa tumaini la kunyooka. Plasta za kuondoa sugu, zile zenye dawa ya asidi, usizibandike kwenye nundu, maana huunguza ngozi. Na ukiwa na kisukari au ganzi miguuni, usibandike chochote kabla ya mguu kuangaliwa kliniki.

Nina miaka 61. Usiku wa kuamkia Jumapili kidole gumba kilivimba ghafla, chekundu, cha moto, hata shuka sikuweza kuivumilia. Nimeambiwa ni nundu. – Mzee wa Tabora

Shikamoo mzee wangu. Nundu haiji kwa usiku mmoja. Inaongezeka kwa miaka, na huuma zaidi mtu akivaa viatu. Hayo unayoeleza yanafanana sana na jongo, ugonjwa unaoletwa na asidi ya yuriki kuganda ndani ya kiungo, na hupenda kuanzia hapohapo kwenye kidole gumba. Dawa zake ni nyingine kabisa. Nenda hospitali wiki hii, na uwaambie dawa zote unazotumia, hasa za presha. Ukiwa na homa au kidonda mahali hapo, nenda leo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo nao huanza hivyohivyo.

Binti yangu ana miaka 14 na kinundu kidogo kisichouma. Anataka apasuliwe ili avae viatu vya wazi. – Mama wa Nakuru

Asipasuliwe sasa. Mifupa bado inakua, na nundu ya umri huo ina tabia ya kurudi baada ya upasuaji. Sura peke yake si sababu ya kukata mfupa kwa umri wowote. Mpatie viatu vya shule vipana.

Nauza sokoni, nina miaka 54. Nimevaa viatu vipana tangu mwaka jana, nimeweka pedi, bado naumia hata nikiwa na ndala. Kidole cha pili kimepanda juu ya gumba. Eksirei inaonyesha kidole kimepinda nyuzi 36. Nikubali upasuaji? – Mama wa Temeke

Shikamoo mama. Kwa maelezo yako, ningekubali. Wala si kwa sababu ya hizo nyuzi 36. Ni kweli kidole cha kawaida hakizidi nyuzi 15, lakini kuna wenye 40 wanaotembea bila shida, na hao hawapasuliwi. Wewe umeshaondoa mbano wa kiatu, umevumilia kwa miezi, na bado ndala inakuumiza. Tena kidole cha pili kimeanza kutoka mahali pake.

Muulize daktari wa mifupa mambo mawili. La kwanza, eksirei ilipigwa ukiwa umesimama? Ikipigwa ukiwa umelala, mguu huonekana umenyooka kuliko ulivyo. La pili, atakata na kusogeza mfupa, au atakwangua nundu tu? Kwa mpindo kama wako, kukwangua peke yake huacha mfupa palepale uliposogea, na nundu hurudi. Kwa kawaida mfupa hukatwa, husogezwa mahali pake na kushikwa kwa skrubu ndogo.

Panga na biashara. Wiki 2 za mwanzo mguu uwe umeinuliwa sehemu kubwa ya siku. Kiatu maalumu cha soli ngumu utakivaa kama wiki 6, na kurudi kusimama kutwa sokoni ni baada ya miezi 2 hadi 3. Uvimbe unaweza kuchukua hata mwaka kuisha, kwa hiyo usinunue viatu vipya mapema. Pasua mguu mmoja kwanza ili uweze kwenda msalani mwenyewe. Kidole kinaweza kubaki kigumu au na ganzi kidogo pembeni, na kwa baadhi ya watu nundu hurudi.

Ukisharudi nyumbani, kidonda kikitoa usaha, vidole vikigeuka rangi, au shavu la mguu likivimba na kuuma, usisubiri siku ya kliniki. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikibana, upelekwe hospitali saa hiyohiyo.