Nimwandikie bosi wa sapulaya bila kumchomea repu?

Swali: Niko na agroveti Kisumu. Mwezi jana nilishusha magunia 80 ya leyaz mash, 11 yakawa na ukungu. Repu nimempigia mara nne, wiki ya tatu sasa ni kimya. Nataka kwenda kwa bosi wake lakini huyu jamaa ndiye hunitafutia mzigo ukiadimika. Nifanyeje?

Jibu: Mbona kila mtu hupiga simu tu, haandiki? Simu haiachi alama, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) iko wazi, ukikaa na mzigo muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji umeukataa, unahesabiwa umeukubali. Kwa hivyo leo mwandikie repu, taja namba ya dilivari noti, namba ya bachi iliyo kwenye gunia na hayo magunia 11, tuma na picha, umwambie unataka krediti noti ama mengine mapya. Malizia hivi: "Nikikosa jibu kufikia Alhamisi saa nane nitamwandikia meneja wa eneo, na wewe nitakuweka kwenye kopi."

Hiyo sentensi ya mwisho ndio inaokoa urafiki. Watu hudhani repu akinyamaza amekudharau, lakini mara nyingi krediti noti hana mamlaka ya kuisaini, aliuliza huko juu hakujibiwa, sasa anaona haya kukwambia. Ukimpa tarehe anapata kitu cha kumsukumia bosi wake.

Alhamisi ikipita, andikia meneja wa eneo, sio mkurugenzi. "Nilimjulisha repu tarehe fulani, naona imekwama mahali, naomba usaidizi wako kuhusu magunia 11." Basi. Usiandike hashiki simu, kwa sababu hapo umegeuza kesi ya magunia ikawa kesi ya mtu, na mtu atajitetea. Yale 69 mazuri lipa kwa wakati, ukishikilia pesa yote akaunti itafungwa na utakuwa umewapa sababu. Yale mabovu usiyatupe, yatenge juu ya mbao mbali na ukuta, kwa maana swali la kwanza la meneja litakuwa kama stoo yako inavuja.

Sasa hawa jamaa wa mtandaoni wanaouza barua tayari za malalamiko, eti weka mkurugenzi kwenye kopi, taja wakili, posti skrinshoti kwenye grupu la agroveti, wananikera sana. Nimekuwa ofisi ya ununuzi Nakuru, nikafanya huo ujinga mwenyewe. Mkurugenzi hakusoma kitu, aliifowadi kwa meneja na alama moja ya kuuliza, meneja akaitupia repu, na jibu nililopata ni aya tatu za repu akieleza vile mimi huchelewesha malipo. Krediti noti ilikuja baada ya miezi miwili, na mzigo ulipoadimika msimu huo, jina langu likawa chini kabisa ya listi yake.